Ukiruka Kidonge Ili Unywe, Umeruka Nini?

Jumamosi iliyopita nimelisikia tena lile neno la kuruka kidonge ili mtu anywe pombe. Nilikuwa sijamaliza hata kufungua madirisha ya famasi, hapa Mafinga, mteja akaingia ameshika bahasha ya dawa imekunjwa kunjwa kama noti ya mwisho wa mwezi. Kamwene, kamwene, halafu akaniambia kwa kujiamini kabisa: "Dada, mimi siyo mjinga. Jana nilijua nitakunywa, kwa hiyo flajili ya mchana na ya usiku sikuigusa."

Sasa naandika, maana kuirudia kaunta moja moja nimechoka.

Huyu bwana ni fundi wa msumeno kwenye kiwanda cha mbao. Alikuwa na jipu la jino, akaandikiwa amoksilini pamoja na metronidazoli, ambayo wote tunaiita flajili, vidonge vya miligramu 200, mbili kwa tatu kwa siku tano. Jumla vidonge 30. Alianza Jumatatu saa nne usiku na akaenda vizuri kweli: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku, bila kukosa. Ijumaa asubuhi akameza mbili zake kama kawaida. Jioni kulikuwa na sherehe ya kumuaga binti wa jirani, na msimu huu mnaujua, ulanzi umejaa kila kona. Akapiga hesabu yake: ya mchana akaacha, ya usiku akaacha. Saa mbili usiku akaanza kunywa.

Kikombe cha pili hakijaisha, uso ukawaka moto. Moyo ukaenda mbio, kichwa kikagonga, akatoka nje kutapika. Wenzake wakasema amelogwa au ulanzi umetiwa kitu. Yeye alikuwa na hakika moja tu: flajili haiwezi kuwa, kwa sababu "ya mchana sikuinywa".

Hapo ndipo ninapoishiwa subira. Watu wanadhani dawa iko mwilini pale tu unapoimeza, kama mgeni anayekula na kuondoka. Metronidazoli haiondoki hivyo. Kwa mtu mzima mwenye ini zima, kila saa nane hivi nusu ya iliyomo kwenye damu ndiyo inaondoka. Nusu tu, siyo yote. Ndiyo maana tunakupa kila saa nane: tunataka ya mpya iikute ya zamani bado ipo.

Tumpigie hesabu fundi wetu. Alimeza saa kumi na mbili asubuhi. Saa nane mchana, nusu bado ipo. Saa nne usiku, robo ipo. Yeye alianza kunywa saa mbili usiku, yaani saa kumi na nne baada ya kumeza, kwa hiyo alikuwa na zaidi ya robo ya dawa ikizunguka kwenye damu. Alichoruka ni tiba yake. Dawa yenyewe alienda nayo sherehe.

Endelea na hesabu hiyohiyo uone siku tatu zinatoka wapi. Baada ya saa 24 imebaki sehemu moja kati ya 8. Baada ya saa 48 ni moja kati ya 64. Baada ya saa 72 ni moja kati ya 512, na hapo hata mimi sina la kukusumbulia. Karatasi za dawa za Uingereza husema subiri saa 48 baada ya kidonge cha mwisho, za Marekani husema siku tatu. Mimi nasema siku tatu, kwa sababu kaunta haina kipimo cha ini lako. Ini lililochoka huitoa dawa hii taratibu zaidi, na wanaoniuliza kwa haraka "lini naweza kunywa?" mara nyingi ndio hao hao ambao ini lao limefanya kazi ya ziada miaka mingi. Mwenye ugonjwa wa ini unaojulikana asihesabu kwa vidole vyangu, aulize daktari wake.

Na siku hizo zinahesabiwa kuanzia saa uliyomeza kidonge cha mwisho kwa kweli, siyo saa ambayo bahasha ilisema utamaliza. Aliyepewa vidonge vingi vya kumeza mara moja, ile gramu mbili ya trikomona, ule ugonjwa wa zinaa, naye ni siku tatu zilezile. Kumaliza dozi kwa mkupuo mmoja hakuna maana kwamba mwili nao umeimaliza kwa mkupuo. Tinidazoli, ndugu yake, inakaa mwilini muda mrefu zaidi, kwa hiyo hapo usithubutu kunipunguzia hata siku moja.

Sasa ulanzi. Niliposema neno pombe, fundi akanikatiza: "Lakini dada, ule ulikuwa mtogwa." Ee Mungu wangu. Kwa wasomaji wa mbali: ulanzi ni utomvu wa mwanzi. Chipukizi linakatwa ncha, mbeta inafungwa pale, utomvu unadondoka humo usiku kucha. Ukiwa mtamu bado tunauita mtogwa, ukikomaa na kuwa mkali tunauita mkangafu. Wazee watakwambia mtogwa siyo pombe, watoto wanakunywa. Lakini hakuna anayeuchachua ulanzi kwa makusudi, unajichachua wenyewe. Mbeta ya jana haijaoshwa, hamira ya asili imo humo humo, na utomvu unaanza kugeuka hata kabla mgemaji hajaja kuuchukua asubuhi. Mtogwa wa asubuhi ukiufikisha sherehe saa mbili usiku, utamu umebaki kwenye jina. Komoni na kimpumu hata sizijadili, na konyagi inajisema yenyewe.

Haya, nini hasa kinatokea? Maelezo tuliyofundishwa ni haya. Ini huivunja pombe kwa hatua mbili. Ya kwanza huigeuza kuwa asetaldehidi, kitu kichafu kinachofanya uso uwake, moyo ukimbie na tumbo lipinduke. Ya pili huigeuza hiyo asetaldehidi kuwa kitu kisicho na madhara. Kuna dawa inaitwa disulfiramu, wanapewa watu wanaotaka kuacha pombe: inafunga hatua ya pili, uchafu unajaa, ukinywa unajuta. Metronidazoli ikashukiwa kufanya vivyo hivyo, tangu miaka ya 1960, na onyo likaandikwa kwenye kila karatasi.

Hapa sasa niseme jambo ambalo wenzangu wengi hawalisemi mbele ya mgonjwa. Ushahidi wake ni mwembamba. Mwingi ni visa vya mtu mmoja mmoja, kama cha fundi wetu. Mwaka 2002 watafiti wa Ufini waliwachukua wanaume 12 wenye afya, nusu wakapewa metronidazoli siku tano, nusu vidonge visivyo na dawa, kisha wote wakanyweshwa pombe na kupimwa. Asetaldehidi haikupanda kwenye damu, na waliotumia dawa hawakuugua kuliko wenzao. Mwaka 2021 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, kwenye mwongozo wake wa magonjwa ya zinaa, kiliandika kwamba kuacha pombe wakati wa metronidazoli si lazima. Kwa hiyo yule kaka anayenitambia kila mara kwamba "mimi nilikunywa bia nne na flajili, na sikufa", sina sababu ya kumwita mwongo.

Mbona basi bado nakukataza? Kwanza, watu 12 wenye afya si wewe uliye na jipu, homa na tumbo tupu. Utafiti mdogo kama huo unaweza kukuonyesha kwamba jambo halitokei kwa kila mtu. Hauwezi kukuonyesha kwamba halitokei kwa mmoja kati ya mia kadhaa. Pili, visa vyenyewe vipo, na karatasi ya dawa yako haijafutwa onyo. Tatu, bei: nakuomba siku tano na nyingine tatu. Kama nimekosea, umepoteza vikombe vichache. Kama niko sawa na hukunisikiliza, uko nje ya ukumbi umeshika mti.

Je, kilichompata fundi kilikuwa hicho kweli? Sijui, na nilimwambia hivyo. Flajili peke yake huleta kichefuchefu na ile ladha ya chuma mdomoni. Ulanzi mkali tumboni mtupu nao hutapisha. Kinachonifanya nishuku ni mwendo wake: ulianza mapema, kikombe cha pili, uso ukawaka na moyo ukaenda mbio kabla hajalewa, naye ni mtu aliyezoea kunywa. Kichefuchefu cha dawa peke yake huwa hakisubiri kikombe, kinakusumbua tangu siku ya kwanza. Mkojo kuwa wa kahawia, ambao wengi hunijia nao kwa hofu, ni rangi ya dawa tu, hauhusiani na pombe. Ila ukizirai, ukibanwa kifua au ukashindwa kupumua, usiniletee bahasha, nenda hospitali.

Jambo moja la kunong'ona. Kama unakunywa kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate ya kwanza, usiache ghafla kwa sababu tu ya kidonge changu. Kuacha kwa ghafla kwa mtu wa namna hiyo kunaweza kuleta degedege. Mwambie anayekuandikia dawa ukweli, kabla hajaandika. Ataangalia kama ipo dawa nyingine, au namna ya kukusimamia. Wengi hunidanganya kwamba hawanywi, halafu harufu inanijibu.

Turudi kwa fundi. Ndani ya bahasha nilihesabu vidonge vinane. Nikampigia simu daktari wake wa meno, akasema aendelee alipoishia. Nikamwambia asilipize alivyoruka, asimeze minne kwa pamoja. Kwa kuwa kutapika kulikwisha usiku uleule, angeanza tena Jumamosi hiyo saa nane mchana, halafu saa nne usiku, halafu Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, na za mwisho Jumapili saa nane mchana. Nikachukua kalamu, nikaandika juu ya bahasha, chini ya ile "2 x 3": JUMATANO SAA NANE MCHANA.

Akaisoma, akatafakari kidogo. "Jumatano," akasema. "Na maharusi wenyewe wanafunga ndoa Jumapili jioni."

Nikamwambia soda zipo.