Nyota kumi na mbili na tarakimu nne: maana ya kuficha namba ya kadi au ya kitambulisho

Ukifungua ukurasa wa malipo ambako kadi yako imeshahifadhiwa, huoni namba yake nzima. Unaona kitu kama hiki: `************1881`. Ndivyo ilivyo pia kwenye risiti na kwenye barua za benki, na siku hizi hata kwenye fomu zinazoonyesha namba ya kitambulisho. Huku ndiko kuficha namba kwa nyota: kila herufi au tarakimu inawekewa nyota mahali pake, isipokuwa nne za mwisho.

Lengo lake ni dogo kuliko watu wengi wanavyodhani. Zile nne zimeachwa ili mwenye kadi aitambue kadi yake. Mtu mwenye kadi tatu anatazama 1881 na kujua ndiyo ile aliyokusudia kulipia, na anayesoma kwa kuchungulia begani kwake haondoki na namba ya kwenda kununulia vitu. Basi. Hazikuwekwa pale zithibitishe kwamba anayezitaja ndiye mwenye kadi, na jambo hili nitalirudia kwa sababu ndipo madhara makubwa yalipotokea.

Kwa nini za mwisho, si za mwanzo? Tazama namba ya kadi ilivyojengwa. Tarakimu sita au nane za kwanza ni za benki iliyotoa kadi, na maelfu ya wateja wa benki hiyo wanazo zilezile. Ukiacha wazi nne za mwanzo, kadi zako mbili za benki moja zitafanana kabisa kwenye skrini. Tarakimu zinazofuata ndizo zinazomtofautisha mteja mmoja na mwingine, na ile ya mwisho kabisa ni ya ukaguzi: inakokotolewa kutokana na nyingine zote ili mashine igundue pale mtu anapokosea kuandika. Ukokotoaji huo unaitwa Luhn, kwa jina la Hans Peter Luhn wa IBM, aliyepewa hataza yake mwaka 1960.

Hebu tuupitishe kwa namba ya majaribio ambayo watengenezaji wa programu wanaitumia, 4012 8888 8888 1881. Si kadi ya mtu yeyote. Ukianza kulia, kila tarakimu ya pili unaizidisha kwa mbili, na jibu likizidi tisa unatoa tisa. Hizo zikijumlishwa zinatoa 47. Zile ambazo hukuzigusa zinatoa 43. Jumla ni 90, inagawanyika kwa kumi bila baki, kwa hiyo namba imeandikwa sawa.

Sasa jiulize nyota zimeficha kiasi gani. Kanuni za usalama wa kadi, PCI DSS, zinaruhusu asiye na sababu ya kikazi ya kuona namba nzima aonyeshwe, kwa upeo, zile za mwanzo za benki na nne za mwisho. Tuseme mfumo umeonyesha sita za mwanzo: `401288******1881`. Tarakimu sita zimefichwa, kwa hiyo kuna namba milioni moja zinazoweza kukaa hapo. Lakini Luhn inamsaidia mwizi pia. Katika kila kumi, ni moja tu inayokubali ukaguzi, na milioni inashuka kuwa 100,000. Ukionyesha nane za mwanzo, zilizofichwa ni nne, namba 10,000, na Luhn inazishusha hadi 1,000. Kompyuta inaziorodhesha zote kabla hujapepesa jicho. Ndiyo maana desturi ya kuonyesha nne za mwisho peke yake ni nzuri kuliko kiwango cha juu kinachoruhusiwa, ingawa hata hapo jina la benki likiandikwa pembeni, tarakimu za mwanzo zinaweza kukisiwa.

Kuna kosa jingine la zamani linalofaa kukumbukwa. Sehemu moja inaficha mwanzo wa namba na kuonyesha mwisho, nyingine inaficha mwisho na kuonyesha mwanzo. Kila moja ukiitazama peke yake imeficha. Mtu akiokota risiti zote mbili za kadi ileile anaunganisha vipande viwili na namba inakaribia kukamilika. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 iitwayo FACTA ilifunga mlango huo kwa risiti zinazochapwa na mashine: zisizidi tarakimu tano za mwisho, na tarehe ya kadi kuisha isionekane.

Kwa namba za vitambulisho mambo yanageuka, na hapa ndipo ningependa msomaji atulie kidogo. Watu wengi huichukua desturi ya kadi na kuibandika kwenye kitambulisho bila kuuliza namba hiyo imejengwaje. Chukua namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani, iliyoanza kutolewa mwaka 1936. Ina tarakimu tisa. Kwa miongo mingi tatu za kwanza zilifuata jimbo ambako mtu aliombea, mbili za katikati zilikuwa za kundi na zilitolewa kwa mpangilio unaojulikana, na nne za mwisho zilikuwa za mfululizo. Kwa hiyo anayejua umezaliwa wapi na lini anaweza kukisia tano za mwanzo. Mwaka 2009 watafiti Alessandro Acquisti na Ralph Gross wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walilipima jambo hili kwa kumbukumbu za watu waliofariki: kwa waliozaliwa kuanzia 1989 hadi 2003, walizipata tano za mwanzo kwa jaribio moja kwa asilimia 44 yao. Kuanzia tarehe 25 Juni 2011 namba mpya zinatolewa bila mpangilio huo, lakini za zamani hazikubadilishwa.

Sasa tazama `*****6789` kwa macho hayo. Nyota zimefunika sehemu inayokisika, na kilichoachwa wazi ndicho kilichokuwa kigumu kukisia. Kuificha namba ya kitambulisho vizuri ni kuanza na swali: ni sehemu gani inayotokana na mambo ambayo watu wanayajua, kama tarehe ya kuzaliwa au mahali, na ni ipi ya mtu huyu peke yake? Ikiwa ya peke yake ndiyo ya mwisho, acha mbili tu, au usiache hata moja na umtambulishe mtu kwa jina.

Nilisema nitarudi kwenye uthibitisho. Mwezi Agosti 2012 mwandishi wa habari za teknolojia Mat Honan alipoteza akaunti zake kwa muda wa saa moja hivi. Wavamizi walipiga simu Amazon, wakajifanya ni yeye na kuongeza kadi kwenye akaunti yake. Wakapiga tena, wakataja kadi hiyo hiyo waliyoiongeza wenyewe kama ushahidi, wakawekewa anwani mpya ya baruapepe. Wakaingia. Ndani ya akaunti wakaziona kadi zake halisi zimefichwa inavyotakiwa, zikionyesha nne za mwisho. Kisha wakapiga simu Apple, ambako nne hizo pamoja na anwani ya bili zilikubaliwa kuwa ushahidi wa kutosha, na wakapewa nenosiri la muda. Simu yake, tableti yake na kompyuta yake vikafutwa kwa mbali, pamoja na picha za mwaka wa kwanza wa binti yake.

Nyota hazikukosea kitu hapo. Kampuni moja iliziona tarakimu nne kuwa kitu cha kuonyeshwa, nyingine ikaziona kuwa siri. Haziwezi kuwa vyote viwili. Mhudumu akikuuliza nne za mwisho za kadi na hilo likawa swali pekee, anakuuliza kitu kilichochapwa kwenye kila risiti uliyowahi kuitupa.

Tuje kwenye mahali nyota zinapowekwa. Kuficha kwa ajili ya kuonyesha hakuibadilishi namba iliyohifadhiwa. Kwenye hifadhidata inaweza kuwa nzima, na kuilinda huko ni kazi ya usimbaji fiche. Tatizo la kawaida ni seva kutuma namba nzima kwenye kivinjari, kisha ukurasa wenyewe ndio uchore nyota. Niliwahi kuukagua mfumo wa aina hiyo, na wenyeji wake waliapa kwamba namba zimefichwa. Tulibonyeza kitufe cha F12 kufungua zana za ukaguzi za kivinjari, tukafungua sehemu ya Network, tukapakia ukurasa upya na kusoma jibu la seva. Tarakimu zote kumi na sita zilikuwa pale. Jaribio hilo huchukua dakika moja, na unaweza kulifanya kwenye mfumo wako leo. Nyota ziwekwe kwenye seva, kabla namba haijatoka.

Na msimbo wenyewe? Wengi huanza hivi, kwa Python:

```python
def ficha(namba):
    return "*" * (len(namba) - 4) + namba[-4:]
```

Kwa kadi unafanya kazi vizuri. Mpe `"7Q2B"` na unarudishiwa `7Q2B`, bila nyota hata moja, wala hakuna kosa linalotokea. Mpe `"52190"` na unapata `*2190`, yaani mtu anabaki na makisio kumi tu. Kadi ndefu hazilionyeshi kosa hili kamwe, ndiyo maana linapita kwenye majaribio na kuibuka siku ambayo mtu mwenye kitambulisho kifupi anajisajili. Nafasi tupu nayo ina matata yake: namba iliyonakiliwa na nafasi moja mwishoni itaonyesha `881` pekee, na mwenye kadi haitambui.

```python
def ficha(namba):
    safi = namba.replace(" ", "").replace("-", "")
    if len(safi) < 12:
        return "*" * len(safi)
    return "*" * (len(safi) - 4) + safi[-4:]
```

Hiyo 12 ni chaguo langu, kwamba angalau nane ziwe zimefichwa. Kwa kitambulisho chenye tarehe ya kuzaliwa ndani yake ningepandisha. Na namba ihifadhiwe kama maandishi, isiwe kama hesabu. Excel hutunza tarakimu kumi na tano tu za hesabu, kwa hiyo kadi ya majaribio ya hapo juu ikiingizwa kama hesabu inageuka kuwa 4012888888881880. Nyota zitakuwa kumi na mbili, nne za mwisho zitakuwa 1880, na mteja atapiga simu kusema hiyo si kadi yake.