Barua ya kudai ovataimu na posho ya usiku: anza na mkataba

Barua nyingi za wauguzi tunazoletewa hapa Mombasa tuzisome kabla hazijapelekwa hujaa malalamiko: nimejitolea, nimechoka, naomba mnifikirie. Ni kweli, lakini mhasibu hana pa kuyaingiza. Yeye anatafuta tarehe, saa na kiwango.

Tuchukue mfano wa muuguzi wa wodi ya wazazi katika hospitali ya kibinafsi huko Kisauni. Mshahara wake wa msingi ni shilingi 45,000. Mkataba wake unasema saa 44 kwa wiki, zinazozidi zilipwe mara moja na nusu, za sikukuu mara mbili, na posho ya shilingi 500 kila usiku. Kanuni za ujira za Kenya hupata thamani ya saa kwa kugawa mshahara wa mwezi kwa 225. Kwake yeye ni shilingi 200, kwa hiyo saa ya ziada ni 300 na ya sikukuu ni 400. Kiini cha barua yake kiwe hivi:

"Wiki ya tarehe 3 hadi 9 Machi 2025 niliingia zamu tano za usiku, saa 11 kila moja baada ya kutoa mapumziko. Zamu ya tano niliitwa na matroni kuziba pengo: saa 11 za ziada, shilingi 3,300. Posho ya usiku kwa zamu zote tano: shilingi 2,500. Tarehe 1 Mei 2025, Sikukuu ya Wafanyakazi, niliitwa nikiwa ofu nikafanya saa 8: shilingi 3,200. Jumla: shilingi 9,000. Nimeambatisha rota na hati za mshahara za miezi hiyo."

Ovataimu na posho zimetengwa makusudi, kwani chimbuko lao ni tofauti. Posho ya usiku hutoka kwenye mkataba au makubaliano ya chama; pasipo hayo, dai hilo huyumba. Na mkataba ukinyamaza kuhusu saa, kanuni za jumla huhesabu ziada baada ya saa 52 kwa wiki, au 60 kwa wa zamu za usiku. Huyu wetu alifanya 55. Bila mkataba wake, zile 3,300 zingekuwa shida kuzidai.

Rota nayo ina mtego wake: iliyobandikwa ukutani mara nyingi hurekebishwa kwa kalamu wiki ikiendelea. Linganisha na daftari la makabidhiano ulilotia sahihi, lakini usinakili kurasa zenye majina ya wagonjwa. Taja tarehe na zamu tu, uombe hospitali yenyewe ilitoe.

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Muhuri huo hausimamishi muda wa kwenda mahakamani, ambao kwa kawaida ni miaka 3 tangu malipo yalipostahili, hata kama utawala unaendelea kukuahidi kikao.