Riba ya kuchelewa: siku ya kwanza ni ipi, na ya mwisho ni ipi?

Migogoro mingi ya riba ninayoletewa hapa Mombasa haihusu asilimia. Asilimia imeandikwa kwenye mkataba na kila mtu ameitia sahihi. Watu wanagombania siku.

Tuchukue deni la aina ninayokutana nayo sana. Muuza vifaa vya ujenzi wa Kongowea amepeleka mzigo wa shilingi 1,200,000 kwa hoteli moja upande wa Nyali. Ankara ni ya tarehe 31 Oktoba 2023, ilipwe ndani ya siku 30, na ikichelewa inatozwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, bila riba juu ya riba. Hoteli ikalipa tarehe 15 Machi 2024. Muuzaji anahesabu siku 107, mhasibu wa hoteli anapata 105. Jibu ni 106.

Tuanze na zile siku 30. Siku ya ankara yenyewe haihesabiwi. Sheria ya Kenya ya tafsiri ya sheria, Sura ya 2, kifungu cha 57, inafuata kanuni hiyo kwa muda unaotajwa katika sheria zetu: siku ya tukio huachwa nje. Biashara nayo huhesabu hivyo isipokuwa mkataba useme vingine. Basi siku ya kwanza ni 1 Novemba na ya thelathini ni 30 Novemba. Siku hiyo yote bado ni ya mdaiwa. Akilipa jioni, hajachelewa. Kuchelewa kunaanza 1 Desemba.

Upande wa pili, siku ya malipo huhesabiwa. Kwa hiyo Desemba ina siku 31, Januari 31, Februari 29, na Machi 15. Jumla 106. Muuzaji alihesabu ncha zote mbili, akaitoza riba 30 Novemba, siku ambayo deni lilikuwa halijachelewa.

Wengine huniambia, "Siku moja tu, ina neno gani?" Ubaya wake unaonekana vizuri pale deni linapolipwa kwa mafungu. Tuseme hoteli ingelipa 500,000 tarehe 31 Januari, iliyobaki 15 Machi. Kwa kanuni sahihi, siku 62 za mwanzo zinatozwa juu ya 1,200,000, na siku 44 zinazofuata, kuanzia 1 Februari, juu ya 700,000. Ukijumlisha 62 na 44 unarudi kwenye 106. Ukihesabu ncha zote, unapata 63 na 45, jumla 108, kwa sababu 30 Novemba imetozwa bure na 31 Januari imetozwa mara mbili. Mimi hutumia jaribio hili kila mara: vipande visipojumlika kuwa kipindi kizima, hesabu ina kasoro.

Na mhasibu wa hoteli je? Hesabu yake ilikuwa ya miezi ya siku 30 kila mmoja. Kwenye Excel, 105 huja ukitumia `DAYS360`. Kutoa tarehe kwa tarehe ndiko sahihi:

```
=DATE(2024,3,15)-DATE(2023,11,30)
```

Jibu ni 106, bila kuongeza moja.

Sasa mwaka mrefu. Tarehe 29 Februari 2024 ni siku ya kweli ya kuchelewa, lazima ihesabiwe. Swali lingine kabisa ni kugawanya kwa 365 au 366, na hilo huamuliwa na mkataba. Riba ya mwaka mzima hapa ni 216,000. Ukigawa kwa 365 daima, siku 106 zinaleta shilingi 62,728.77. Mkataba ukisema kila mwaka ugawanywe kwa siku zake halisi, unakata hesabu mwishoni mwa Desemba: siku 31 juu ya 365, siku 75 juu ya 366, jumla 62,607.50. Tofauti ni ndogo, lakini iliyo sahihi ni ile iliyoandikwa. Ankara za dola nazo mara nyingi hugawanywa kwa 360, na kigawanyo hicho kinaongeza riba.

Kwa kigawanyo cha 365, deni la kuanzia 31 Januari 2024 hadi 31 Januari 2025 lina siku 366, kwa hiyo riba inapita kidogo asilimia 18. Lakini lile la 31 Machi 2024 hadi 31 Machi 2025 lina 365 tu, ingawa limeanza ndani ya mwaka mrefu. Angalia kama 29 Februari imo ndani ya kipindi, usiangalie jina la mwaka.

Wateja wangu mimi huwaandikia hivi kwenye mkataba: "Riba itahesabiwa kuanzia siku inayofuata tarehe ya mwisho ya kulipa, hadi na pamoja na siku fedha zinapoingia kwenye akaunti ya mdai, kwa siku halisi juu ya 365, hata katika mwaka mrefu." Maneno "zinapoingia" nayaweka makusudi, maana cheki iliyokabidhiwa Ijumaa inaweza kuingia siku kadhaa baadaye, na bila maneno hayo kila upande utashika tarehe yake.