Akaunti ya Facebook ya Marehemu: Kuifuta au Kuifanya ya Kumbukumbu, na Hati Zinazotakiwa

Siku chache baada ya arobaini ya baba yake, binti mmoja wa Ujiji alifika ofisini kwetu, simu mkononi na bahasha ya kaki kwapani. Marehemu alikuwa fundi saa, na akaunti yake ya Facebook ilikuwa bado inaongea. Usiku uliotangulia ilikuwa imemwandikia shangazi yao aliyeko Uvinza: "Nimekwama, nitumie elfu hamsini, kesho narudisha." Shangazi hakulala. Simu ya marehemu ilikuwa imepotea katika pilikapilika za msiba, na aliyeiokota alikuta Facebook iko wazi.

"Nataka ifutwe leo leo," binti aliniambia.

Mimi hushughulikia mambo ya mtandao katika kituo cha msaada wa kisheria hapa Kigoma, na kwanza nilimwomba atofautishe mambo mawili. Kufuta akaunti ni kufuta kabisa: picha, maandishi na salamu za marafiki vyote huondoka, na havirudi. Kuifanya ya kumbukumbu ni kuifunga mlango na kuacha ukuta ulivyo. Neno "Remembering" hutokea karibu na jina la marehemu, marafiki hawakumbushwi tena siku yake ya kuzaliwa, na hakuna mtu anayeweza kuingia ndani, hata kama anayo nywila. Hapo ndipo dawa ya yule mwizi ilipo. Tena familia ikiona baadaye kwamba afadhali ifutwe, bado inaweza kuomba. Kwa hiyo ndugu wakiwa hawajakubaliana, mimi huwashauri waanze na kumbukumbu.

Kabla ya kujaza chochote nilimuuliza kama baba alikuwa na ukurasa wa biashara. Alikuwa nao. Swali hili wengi hawalijui, na linaumiza: ukurasa ambao msimamizi wake ni marehemu peke yake huondolewa akaunti yake ikishafanywa ya kumbukumbu. Bahati nzuri, kaka wa binti, anayeendesha kibanda sasa, alikuwa ameshaongezwa kuwa msimamizi wa pili tangu baba akiwa hai. Kama hayumo mtu wa pili, nakilini kwanza picha za kazi na namba za wateja zinazoonekana hapo.

Maombi ya kumbukumbu hupatikana kwenye kurasa za msaada za Facebook kwa kutafuta "Memorialization Request". Fomu ni fupi: kiungo cha akaunti ya marehemu, tarehe ya kifo, na ushahidi wa kifo. Ushahidi unaweza kuwa cheti cha kifo, tangazo la kifo lililochapishwa, au kadi ya kumbukumbu.

Kufuta kunadai zaidi, kwa sababu hapo lazima uthibitishe pia kwamba wewe ni ndugu wa karibu au msimamizi wa mirathi. Njia nyepesi ni cheti cha kifo. Usipokuwa nacho, unatakiwa hati mbili: moja ya kuthibitisha mamlaka yako, kama wosia au barua ya usimamizi wa mirathi, na nyingine ya kuthibitisha kifo, kama tangazo au kadi. Hati ya mamlaka iwe imesainiwa, na ionyeshe jina lako na la marehemu. Hati ya kifo iwe na jina linalolingana na la kwenye akaunti, pamoja na tarehe ya kuzaliwa au ya kufa.

Tulipofungua ile bahasha tulikuta kibali cha mazishi, cheti cha kuzaliwa cha binti mwenyewe, na picha ya pasipoti ya baba. Cheti cha kifo hakikuwamo. Familia iliamini kibali cha mazishi ndicho cheti, na hilo nimelikuta Ujiji, Kasulu hata Uvinza. Kibali kinaruhusu kuzika. Cheti hutolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, kupitia msajili wa wilaya, baada ya kifo kusajiliwa. Kifo kinatakiwa kisajiliwe ndani ya siku 30. Zikipita, bado husajiliwa, ila kwa maelezo na vielelezo zaidi. Aliyefia nyumbani, safari yake huanzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, anayeandika barua ya kuthibitisha. Cheti cha kuzaliwa cha binti nacho kisingemsaidia sana, kwa sababu katika orodha ya Facebook hati ya kuzaliwa hutumika pale marehemu alipokuwa mtoto.

Kikwazo kikubwa kilikuwa jina. Kwenye hati zote baba alikuwa na majina yake matatu, lakini kwenye Facebook alikuwa "Fundi Saa Ujiji". Tarehe ya kuzaliwa aliweka 1 Januari, kama wengi wanaobonyeza chochote ilimradi akaunti ifunguke. Anayesoma maombi yuko mbali, hakumjua mzee, na hana namna ya kuoanisha majina hayo mawili. Maombi mengi ninayoona yakikataliwa hukwama hapa.

Kaka mtu alitaka kuingia kwa nywila na kubadilisha jina lifanane na cheti. Nilimkataza. Facebook hairuhusu mtu kuingia kwenye akaunti ya mwingine, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuingia kwenye mfumo bila idhini kuwa kosa. Tulifanya mambo mawili. Familia ilikuwa bado haijachapisha kadi ya shukrani, tukawaambia waandike majina matatu, kisha "maarufu kama Fundi Saa Ujiji", tarehe ya kufa, na picha ileile iliyoko kwenye akaunti. Halafu binti aliapa mbele ya wakili kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja. Kiapo hakimo kwenye orodha ya Facebook na hakimlazimishi yeyote kukubali, lakini kinamweleza msomaji kwa nini kadi ina majina mawili.

Cheti kilipotoka, tulipiga picha kila hati juu ya meza mchana, pembe zote nne zikionekana. Namba ya kitambulisho cha Taifa tuliifunika kwa kipande cha karatasi, kwa kuwa haihitajiki. Kiungo cha akaunti tulikinakili kutoka kwenye akaunti yenyewe, kwa sababu kulikuwa na "Fundi Saa" wengine wawili, na ukimfungia aliye hai utakuwa umezusha msiba mwingine.

Kitu kimoja binti alikiomba hakikuwezekana: ujumbe wa baba wa faragha. Facebook haimpi ndugu nywila. Hata mtu ambaye marehemu alimteua akiwa hai kuwa "Legacy contact" anaweza kubadilisha picha, kuandika tangazo la juu na kuomba akaunti ifutwe, lakini hasomi ujumbe.

Laini ya simu ya marehemu, binti alikwenda kuifunga kwa mtandao husika siku ileile. WhatsApp haina utaratibu wa akaunti ya kumbukumbu. Akaunti isiyotumika kwa kawaida hufutwa baada ya siku 120.

Ombi la kwanza la kumbukumbu lilirudishwa, kwa kuwa tulikuwa tumetuma kadi peke yake. La pili tuliweka cheti, kadi na kiapo pamoja. Siku kadhaa baadaye binti alinipigia akiwa kwa shangazi Uvinza, wote wawili wakiitazama akaunti: juu ya picha ya mzee akiwa na lenzi yake jichoni, "Remembering" ilikuwa imeshaandikwa.