Konstanti ya kwanza si kasi ya mwanzo

Kuna sentensi inayozunguka kwenye noti za kidato cha sita, kwenye vikundi vya tuisheni na hata kwenye majibu yaliyokwisha kusahihishwa: “Ukiintegreti mchapuko unapata kasi, na ile C ndiyo kasi ya mwanzo.” Nusu yake ya kwanza ni sawa. Nusu ya pili huwa sawa kwa bahati tu, na bahati hiyo ikikosekana jibu linaharibika bila mwenye jibu kujua.

Maana yenyewe ni fupi. Mchapuko ni kiwango cha kubadilika kwa kasi, na kasi ni kiwango cha kubadilika kwa mahali kitu kilipo. Kwa hiyo ukipewa mchapuko na unataka mahali, unaintegreti mara 2: mara ya kwanza unapata kasi, mara ya pili unapata mahali. Kila mara unaongeza konstanti isiyojulikana, kwa kuwa mchapuko hauelezi kitu kilianza na kasi gani wala kilianzia wapi. Konstanti ziko 2, basi unahitaji taarifa 2 kutoka nje ya mchapuko, ambazo kwa kawaida ni kasi wakati t = 0 na mahali wakati t = 0. Hapa “kasi” ina alama: chanya ni kwenda mbele, hasi ni kurudi nyuma.

Imani kwamba C ni kasi ya mwanzo inatoka kwenye mchapuko usiobadilika. Huko ndiko kila mtu anakoanzia. Ukiwa na a isiyobadilika, integrali yake ni at + C. Weka t = 0, sehemu ya at inatoweka, inabaki C peke yake, na kweli C inakuwa sawa na kasi ya mwanzo. Rudia mara ya pili, konstanti mpya nayo inakuwa sawa na mahali pa mwanzo. Mwanafunzi akifanya maswali 20 ya namna hiyo, anaacha kutafuta konstanti. Anainakili tu kutoka kwenye swali. Kilichomwokoa ni kwamba t na t² huwa sifuri pale t ikiwa sifuri. Si kila fanksheni ina adabu hiyo.

Chukua kitoroli cha kilo 2 kwenye reli laini isiyo na msuguano wa kujali. Kimesimama mita 4 mbele ya alama ya sifuri. Kuanzia t = 0 kinasukumwa na kuvutwa kwa zamu, kwa nguvu ya nyutoni 12 sin 2t. Gawanya kwa kilo 2, mchapuko ni 6 sin 2t. Tunataka kujua kiko wapi muda wowote baadaye.

```
a = 6 sin 2t
v = -3 cos 2t + C1
```

Hapa ndipo ile sentensi inapomwangusha mtu. Anasema: kitoroli kilikuwa kimesimama, kasi ya mwanzo ni sifuri, basi C1 = 0. Lakini weka t = 0 kwenye mstari wa pili: cos 0 ni 1, kwa hiyo kasi inatoka −3 + C1. Ili hiyo iwe sifuri, C1 lazima iwe 3. Kasi ya mwanzo ni 0, konstanti ni 3, na hakuna mgongano wowote kati ya hizo mbili. Endelea:

```
v = 3 - 3 cos 2t
x = 3t - 1.5 sin 2t + C2
x(0) = 4, kwa hiyo C2 = 4
x = 4 + 3t - 1.5 sin 2t
```

Angalia C2. Safari hii imelingana na mahali pa mwanzo, kwa kuwa sin 0 ni sifuri. Ilitokea hivyo kwa umbo la fanksheni. Ungebadilisha mchapuko uwe 6 cos 2t, na kitoroli kianze palepale kikiwa kimesimama, mambo yangegeuka: kasi ingekuwa 3 sin 2t + C1, na C1 ingekuwa sifuri kama kasi ya mwanzo, lakini mahali pangekuwa −1.5 cos 2t + C2, na C2 ingelazimika kuwa 5.5, si 4. Kwa hiyo hakuna kanuni ya kukariri kwamba hii inalingana na ile hailingani. Unaweka t = 0 na kuona.

Sasa linganisha majibu mawili ya kitoroli chetu, maana tofauti si ya alama moja kwenye mtihani. Aliyeweka C1 = 0 anapata x = 4 − 1.5 sin 2t, yaani kitoroli kinacheza mbele na nyuma palepale, mita 1.5 kila upande. Jibu hilo linavutia sana, kwa sababu nguvu yenyewe inasukuma na kuvuta kwa usawa, na akili inasema kitu kitabaki pale pale. Ukweli ni mwingine. Kuanzia t = 0 hadi sekunde 1.57 hivi nguvu inasukuma mbele tu, na kasi inapanda kutoka 0 hadi mita 6 kwa sekunde. Kuanzia hapo hadi sekunde 3.14 nguvu inavuta nyuma, lakini kazi yake yote inaishia kwenye kuiondoa kasi ile iliyokwisha kupatikana. Kitoroli kinasimama kwa kufumba na kufumbua tu, kikiwa kimesogea mita 9.42 mbele, halafu mzunguko unaanza upya. Hakirudi nyuma hata mara moja. Tazama 3 − 3 cos 2t: haiwezi kuwa chini ya sifuri.

Jibu la kucheza palepale nalo ni mwendo halali, ila ni wa kitoroli kingine. Weka t = 0 kwenye kasi yake, −3 cos 2t, unapata −3. Ni kitoroli ambacho mtu alikuwa amekirusha nyuma kwa mita 3 kwa sekunde kabla ya nguvu kuanza. Mchapuko uleule, mahali pa kuanzia palepale, mwendo tofauti kabisa.

Kinachofanya kosa hili liishi muda mrefu ni njia ya kuhakiki ambayo wengi wamefundishwa: “Ukimaliza, diferenshieti mara 2 uone kama unarudi kwenye mchapuko.” Fanya hivyo kwa jibu sahihi, unapata 6 sin 2t. Fanya kwa jibu la makosa, unapata 6 sin 2t vilevile. Kudiferenshieti kunafuta konstanti, kwa hiyo hakiki hiyo inapima kama umeintegreti vizuri na haigusi konstanti hata kidogo. Hakiki ya konstanti ni nyingine: weka t = 0 kwenye kasi uliyopata, kisha kwenye mahali ulipopata, uone kama unapata kasi na mahali ulivyopewa kwenye swali. Zinahitajika zote mbili.

Kuna kosa la jirani ambalo linatoa jibu lilelile baya kwa njia nyingine. Mtu anaandika C kwenye kasi, haitafuti, anaintegreti tena na kuandika C nyingine mwishoni, kana kwamba zile mbili zimeungana. Hazijaungana. C1 ikiintegretiwa inakuwa C1·t, na hiyo ndiyo 3t iliyokipeleka kitoroli mbele. Ukiimeza ndani ya C moja, umefuta safari nzima ukabakiza mtikisiko. Ndiyo maana zinapewa namba 1 na 2, na ndiyo maana ni salama kuikamata C1 kabla ya kuintegreti mara ya pili, pale kasi ya mwanzo inapojulikana. Ukikosea C2 kwa mita 1, jibu lako liko pembeni kwa mita 1 daima. Ukikosea C1 kwa mita 1 kwa sekunde, kosa linakuwa mita 10 baada ya sekunde 10, na mita 60 baada ya dakika.

(Kwa wanaokokotoa: 2t hapa iko katika radiani. Kwa t = 1 jibu ni mita 5.64. Kikokotoo kikikupa 6.95, kimewekwa kwenye digrii.)

Si lazima taarifa 2 ziwe kasi na mahali pa mwanzo. Ukiambiwa kitoroli kilikuwa mita 4 wakati t = 0 na kikaonekana tena mita 4 wakati t = π, hizo zinatosha: ya kwanza inatoa C2 = 4, ya pili inatoa C1 = 0, na hapo ndipo unapogundua kwamba kilianza kikirudi nyuma. Lakini ukipewa kasi mbili za nyakati tofauti, bila mahali popote, hutoki. Kasi ya pili ama inarudia ya kwanza ama inapingana nayo, na C2 inabaki haijulikani. Kuhesabu “masharti 2, konstanti 2” hakutoshi. Angalau sharti moja lazima liwe la mahali.

Mfumo wa inesha kwenye ndege, unaokokotoa ndege iko wapi bila kutegemea ishara za nje, unaishi kwa hesabu hii. Unapima mchapuko na mzunguko, kisha unaintegreti. Kabla ya ndege kuondoka kwenye maegesho mfumo unawekwa sawa ndege ikiwa imetulia, hivyo kasi ya mwanzo juu ya ardhi inajulikana kuwa sifuri, na unapewa latitudo na longitudo za mahali ndege iliposimama. Ndege ikisogezwa katikati ya zoezi hilo, zoezi huanza upya. Vipima mchapuko vikiwa bora namna gani, taarifa hizo mbili havizitoi vyenyewe.

Anayechoshwa na konstanti anaweza kuzikwepa kwa kuintegreti kuanzia 0 hadi t, akianza na v0 kisha x0:

```
v(t) = v0 + [integrali ya a, kutoka 0 hadi t]
x(t) = x0 + [integrali ya v, kutoka 0 hadi t]
```

Kwenye kitoroli, integrali ya kwanza inatoa −3 cos 2t + 3 yenyewe. Ile 3 imetoka kwenye mpaka wa chini. Katika namna hii ya kuandika kasi ya mwanzo kweli inasimama peke yake mbele, na nadhani hapa ndipo sentensi ya noti ilipochanganyikiwa: v0 ya njia hii imehamishiwa kwenye C ya njia ile.

Kwa hiyo kwenye noti, badala ya “C ndiyo kasi ya mwanzo”, iandikwe: “C1 ni namba inayofanya kasi wakati t = 0 itoke kama ilivyotolewa.” Ni ndefu kidogo, lakini kwa mchapuko usiobadilika inatoa jibu lilelile la zamani, na kwa 6 sin 2t inatoa 3.