Shamari ya Kutafuna si Shamari ya Kuchemsha

Nimeambiwa tena kwenye dirisha la dawa, kwa uhakika usiotikisika, kwamba shamari haiwezi kumdhuru mjamzito wala mtoto mchanga kwa kuwa ni kiungo cha jikoni. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi mno, nami kama mfamasia naona ni lazima niyajibu kwa maandishi, kwa sababu kinacholeta madhara hapa ni kipimo na namna ya kutayarisha.

Kwa mtu mzima aliyekula pilau akajaa gesi, sina ugomvi na shamari. Mafuta yake yamo ndani ya vijifereji vilivyofichwa katika ganda la kila punje, kwa hiyo itafunwe hadi ilainike kabisa; anayeimeza nzima hupata faida ndogo. Kiini kikuu cha mafuta hayo ni anetholi, ambayo katika majaribio ya maabara hulegeza misuli ya utumbo, na utumbo ukilegea gesi hupata njia ya kutoka. Hata hivyo, ushahidi kwa binadamu ni mdogo kuliko sifa zinazotolewa, na matumizi haya yanategemea zaidi mazoea ya muda mrefu. Gesi ikidumu kwa majuma, au ikiambatana na kupungua uzito, kutapika au damu katika choo, acha kutafuna uende ukapimwe.

Ugomvi wangu unaanzia kwenye sufuria. Kiasi cha kutafuna, cha kubana kwa vidole viwili, hakifiki gramu moja. Chai ya mtu mzima, kwa mujibu wa mwongozo wa Wakala wa Dawa wa Ulaya, ni gramu 1.5 hadi 2.5 za shamari iliyopondwa katika mililita 250 za maji ya moto, mara tatu kwa siku, tena kwa muda mfupi. Mafuta ya kichupa ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa mililita moja huweza kutokana na gramu 25 hadi 50 za mbegu. Kuviita vitu hivi vitatu kwa jina moja na kuvipa hukumu moja ndiko kunakonikera.

Chukulia mama mwenye binti wa kilo 5 anayelia jioni, na jirani akamwambia ni chango. Anachemsha vijiko viwili vya chakula, yaani kama gramu 12, katika nusu lita ya maji, kisha anamnywesha mtoto mililita 100 kwa siku. Maji hayo ni makali zaidi ya mara mbili ya chai ya mtu mzima, na mtoto amepata sehemu ya gramu 2.4. Ukigawanya kwa uzito, kila kilo ya mtoto huyu imebeba karibu mara nne ya kiwango cha juu kinachobebwa na kilo ya mtu mzima wa kilo 60 anayekunywa vikombe vyake vyote vitatu. Zaidi ya hayo, tumbo lake dogo limejazwa maji yasiyo na lishe mahali pa maziwa ya mama, ilhali hadi miezi sita hahitaji kitu kingine chochote. Zimeripotiwa pia taarifa za watoto wa kike waliovimba matiti mapema baada ya kunyweshwa chai ya shamari kwa miezi, jambo linaloafikiana na tabia ya anetholi ya kuiga kidogo homoni ya estrojeni. Ni kweli kwamba yapo majaribio yaliyoonyesha nafuu kwa watoto wenye msokoto wa tumbo, lakini yalitumia maandalizi yaliyopimwa kwa uangalifu, si maji ya kukisia. Mwongozo niliotaja hauipendekezi chai hii kwa walio chini ya miaka minne, na punje kavu zenyewe zinaweza kumpalia mtoto mdogo.

Kwa mjamzito nakiri kwamba sayansi haijachora mstari. Shamari katika mchuzi, au punje chache baada ya chakula, sioni sababu ya kumkataza. Chai ya kila siku na mafuta ya kichupa namkataza, kwa sababu ya anetholi kuiga homoni ya estrojeni na kwa sababu ya estragoli, kiini kingine cha shamari ambacho kwa dozi kubwa kimeleta uvimbe wa saratani katika ini la panya. Hatari yake kwa binadamu haijathibitishwa, lakini mimba si mahali pa kuijaribu. Gesi ya ujauzito hutokana zaidi na utumbo kwenda polepole, hivyo milo midogo ya mara kwa mara husaidia bila mashaka hayo. Lakini baada ya wiki ya 20, maumivu chini ya mbavu za kulia, hasa yakija na kichwa kuuma au kuona maruerue, yasiitwe gesi: huenda ni kifafa cha mimba kinachonyemelea, na anayehitajika ni mkunga, siku hiyohiyo.