Kuzidisha na x mara moja hakutoshi kila wakati

"Nimekisia Ae^(2x), nikaizidisha na x kama tulivyofundishwa, bado napata 0 = 6, ina maana hii ikwesheni haina jibu?"

Jibu lipo, shida ni ile imani kwamba x moja inatibu kila kitu. Chukua hiyo ikwesheni yako, y'' − 4y' + 4y = 6e^(2x). Kabla hujakisia chochote weka sifuri kulia utafute mizizi: r² − 4r + 4 = (r − 2)², yaani 2 imejirudia mara mbili, kwa hiyo e^(2x) na xe^(2x) zote zinakupa sifuri ukiziingiza kushoto, ndo maana Axe^(2x) yako imepotea yote na A haijabaki hata ya kutafuta.

Hapo unapanda hadi Ax²e^(2x). Ukidiferenshieti na kupanga, zenye x² zinakufa, zenye x zinakufa, inabaki 2Ae^(2x) tu, basi 2A = 6, A = 3, na jibu mahususi ni yp = 3x²e^(2x).

Ingekuwa y'' − 5y' + 6y = 6e^(2x), mizizi ni 2 na 3, hapo x moja inatosha kabisa (A = −6). Hesabu mzizi unaolingana na ile 2 ya kwenye e^(2x) umetokea mara ngapi, hiyo ndo pawa ya x.